Kukagua kipimajoto cha jikoni Mwanza: rojo la barafu, maji yanayotokota na ile digrii 96.2

Kipimajoto cha jikoni hukaguliwa kwa vitu viwili ambavyo joto lake linajulikana kabla hujapima: barafu inayoyeyuka na maji yanayotokota. Barafu inayoyeyuka ni digrii 0 za Selsiasi popote ulipo, pwani au mlimani. Maji yanayotokota hayako hivyo. Joto lake hutegemea mwinuko wa mahali, na hapo ndipo vipimajoto vingi vizima vya ukanda wa ziwa vinapoharibiwa na wenyewe. Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi inasema maji huchemka kwenye digrii 100. Dar es Salaam na Tanga hiyo ni kweli. Mwanza maji huchemka kwenye digrii 96.2.

Mtu anayeifuata karatasi hiyo bila kujua hili hutia kipimajoto kwenye sufuria, huona 96, huamini kinasoma chini kwa digrii 4, halafu hukipandisha mpaka kisome 100. Kuanzia siku hiyo kila anachopima kinaonekana cha moto zaidi kuliko kilivyo. Kuku akiwa na digrii 70 katikati, kioo kinamwambia 74, naye anamwepua. Kosa hili ni baya kwa sababu linaelekea upande wa hatari: chakula kibichi kinaonekana kimeiva. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na namba sahihi ya hapa, ndipo uende kwenye barafu na sufuria.

Kwa nini 96.2

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mji wa Mwanza imekaa mita chache tu juu ya hapo. Kwenye mwinuko huo hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ya pwani, hivyo mgandamizo wake juu ya maji ni mdogo, na mapovu ya mvuke hufanikiwa kuumuka ndani ya maji mapema zaidi. Kuongeza moto hakusaidii. Maji yakishatokota, mkaa wa ziada au gesi ya ziada hugeuka mvuke tu. Joto la maji halipandi.

Hesabu ya jikoni ni rahisi: gawanya mwinuko wa mahali, kwa mita, kwa 300, kisha toa jibu kwenye 100.

```
joto la kuchemka = 100 - (mwinuko / 300)
Mwanza:  100 - (1140 / 300) = 96.2
```

Kila mita 30 za kupanda zinapunguza takriban sehemu moja ya kumi ya digrii. Kwa hiyo aliyeko Mwaloni Kirumba kando ya maji na aliyeko juu ya mojawapo ya vilima vya mawe vya mjini watatofautiana kidogo mno, na namba ya 96.2 inawafaa wote wawili kwa kipimajoto cha jikoni. Inafaa pia Ukerewe, Musoma, Bukoba na hata Kisumu, kwa kuwa wote wamekaa kando ya ziwa lilelile. Haifai Arusha, ambako mwinuko wa mita 1,400 hivi unaishusha mpaka kama 95.3. Kipimajoto kinaweza kusafiri kwenda mji mwingine bila shida. Namba ya kulinganishia ndiyo inayobaki ilipotoka.

Hali ya hewa nayo hubadilisha mgandamizo, lakini huku karibu na ikweta badiliko la siku hadi siku ni dogo, na athari yake kwenye joto la kuchemka ni kama sehemu moja au mbili za kumi za digrii. Usihangaike nalo. Ila kuna mtego mmoja kwa anayetaka kuwa makini zaidi. Programu za hali ya hewa kwenye simu huonyesha mgandamizo uliokwisha kupigiwa hesabu kana kwamba Mwanza iko usawa wa bahari, ndiyo maana utaona namba kama 1015. Mgandamizo halisi wa hapa ni kama 885. Ukichukua ile 1015 ukatafuta joto la kuchemka kwenye jedwali, utarudishwa kwenye digrii 100 na kosa litakuwa lilelile. Tumia mwinuko, achana na namba hiyo ya mgandamizo.

Kijue kwanza kipimajoto chako

Tuite sindano ile fimbo ya chuma inayochomwa kwenye chakula. Katika kipimajoto cha kidijitali, kinachopima joto kiko kwenye ncha ya sindano, kwa kawaida ndani ya sentimita moja ya mwisho. Katika kipimajoto cha mshale mambo ni tofauti: ndani ya sindano kuna utepe uliosokotwa wa metali mbili, na utepe huo huchukua sentimita 5 au 6 kutoka nchani. Joto unaloliona ni wastani wa urefu wote huo. Sindano nyingi za mshale zina alama ndogo au kibonyeo kinachoonyesha mwisho wa eneo hilo. Ukiizamisha sindano ya mshale sentimita 2 tu kwenye barafu, sehemu ya utepe itakuwa kwenye barafu na sehemu nyingine kwenye hewa ya Mwanza yenye digrii 28, na utapata namba isiyo na maana yoyote. Malalamiko mengi kwamba kipimajoto cha mshale "kinadanganya" chanzo chake ni hapo.

Angalia pia mistari ya kipimajoto cha mshale. Kama mistari imepangwa kwa digrii 2, jicho lako linaweza kukadiria digrii 1, basi. Usitafute sehemu za kumi mahali ambapo chombo chenyewe hakina.

Cha kioo chenye zebaki kiondoe jikoni kabisa. Kikivunjika juu ya chakula hakuna cha kuokoa. Na kile cha kulenga kwa mwale, kisichogusa chakula, hakikaguliwi kwa sufuria inayotokota kwa sababu husoma mvuke na mapovu badala ya maji. Hicho kinaweza kulengwa kwenye rojo la barafu lililokorogwa vizuri, kwa karibu, na hapo ndipo ukaguzi wake wa nyumbani unapoishia.

Rojo la barafu

Hapa panahitaji subira, na ndipo wengi wanapoharakisha. Lengo si maji ya baridi yenye vipande vya barafu. Lengo ni barafu iliyosheheni chombo, na maji machache yanayojaza nafasi kati ya vipande.

Chukua chombo kinachotunza baridi: kikombe cha themosi au jagi la plastiki nene, chenye kina cha sentimita 12 au zaidi. Glasi ya kawaida inatumika pia ukiizungushia taulo. Barafu iwe ya maji safi ya kunywa. Ile ya mifuko inayouzwa mitaani inafaa ikiwa ni maji matupu; iliyotiwa juisi au sukari haifai. Barafu ya kuhifadhia samaki iache hukohuko mwaloni. Haijatengenezwa ili iguse sindano ya chakula, na ikiwa imechanganywa na chumvi hata kidogo haitakuwa digrii 0 tena. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya rojo hulishusha karibu sehemu nne za kumi za digrii. Osha chombo na mikono, maana chumvi ya kupikia huwa imeshika vidole vya mpishi bila yeye kujua.

Funga barafu kwenye kitambaa safi, iponde kwa mchi mpaka vipande vikubwa viwe kama punje za mahindi. Vipande vikubwa huacha mifuko ya maji katikati, na mifuko hiyo ina joto lake. Kisha fuata hivi:

1. Jaza chombo barafu iliyopondwa mpaka ukingoni.
2. Mimina maji safi yaliyopoa kwenye friji mpaka yafike kama sentimita moja chini ya uso wa barafu. Maji yasiinue barafu.
3. Koroga, subiri dakika 3 hadi 5, koroga tena. Barafu ikizama na kupungua, ongeza nyingine na umwage maji yaliyozidi.
4. Zamisha sindano katikati, angalau sentimita 6, bila kugusa kuta wala kitako cha chombo.
5. Zungusha sindano taratibu ndani ya rojo. Soma namba ikiwa imetulia: sekunde 30 kwa kidijitali cha kawaida, dakika nzima au zaidi kwa mshale. Iandike.

Dakika zile za kusubiri zina kazi. Barafu iliyotoka kwenye friza sasa hivi inaweza kuwa na digrii 15 au 18 chini ya sifuri. Ukiitazama utaona ni nyeupe na kavu, inanata kwenye vidole. Rojo la barafu ya namna hiyo lenye maji kidogo mno litasoma chini ya sifuri mahali fulani, na utadhani kipimajoto kina kosa. Subiri mpaka vipande vipoteze ule weupe wa unga, ving'ae na kuteleza. Barafu inayong'aa ni barafu inayoyeyuka, na inayoyeyuka ndiyo digrii 0.

Kosa la upande wa pili hutokea mara nyingi zaidi: maji mengi, barafu chache zinazoelea. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa kwenye digrii 4, kwa hiyo maji ya digrii 4 hutuama chini huku barafu ikikaa juu. Sindano ndefu ikifika chini inasoma 3 au 4, na mwenye nayo anaamua kipimajoto kibovu. Dalili yake ni rahisi kuiona. Inua sindano polepole kutoka chini kwenda juu. Namba ikishuka kadiri unavyopanda, tatizo ni rojo. Mwaga maji, ongeza barafu, anza tena.

Rudia kipimo mara tatu, kila mara ukiitoa sindano, ukiifuta na kuiacha irudi kwenye joto la chumba. Vipimo vitatu vya chombo kizima vitatofautiana kwa sehemu mbili tatu za kumi tu. Vikitofautiana kwa zaidi ya nusu digrii ilhali rojo ni zuri, badilisha betri. Ikiwa bado, huenda maji yameingia kwenye kiungo cha sindano na mpini, jambo la kawaida kwa vipimajoto vinavyooshwa kwa kutumbukizwa kwenye beseni. Chombo kinachoyumba hivyo hakirekebishiki, kwa sababu hakuna kosa moja la kuondoa.

Maji yanayotokota

Sufuria iwe na kina. Maji yafike sentimita 10 angalau. Kwa sufuria ya kawaida ya nyumbani hiyo ni lita 2 au zaidi. Maji ya bomba yanatosha. Madini machache yaliyomo hayabadilishi kitu unachoweza kukiona, na hata chumvi ina nguvu ndogo upande huu: ingehitajika karibu gramu 58 kwa kila lita ili kupandisha joto la kuchemka kwa digrii moja. Lakini usitumie maji ya kuchemshia viazi au yaliyokwisha kupikiwa chochote.

Weka moto mpaka maji yatokote kweli. Mapovu madogo yanayong'ang'ania kitako cha sufuria ni hewa inayotoka kwenye maji, na yanaanza mapema, kwenye digrii 60 au 70. Sauti ya kuvuma inayofuata bado si kuchemka. Unachotaka ni mapovu makubwa yanayofika juu na kupasuka uso mzima wa sufuria, siyo pembeni tu, na yasiyokoma hata ukikoroga. Kwenye jiko la mkaa lenye mkaa mchache, maji yanaweza kutokota upande mmoja huku upande wa pili ukiwa chini kwa digrii kadhaa. Puliza moto, au funika sufuria kidogo ukiacha nafasi ya sindano. Acha yatokote hivyo dakika 2 kabla ya kupima.

Zamisha sindano katikati, sentimita 6 au zaidi, ncha ikiwa angalau sentimita 3 juu ya kitako. Chuma cha kitako kilicho juu ya moto ni cha moto kuliko maji, na ncha ikikigusa namba itapanda mpaka 100 na kupita. Hiyo ndiyo njia ya kutambua: ukiona kipimajoto kinapita ghafla ile namba kilichokuwa kimetulia, inua sindano.

Ingiza kwa mshazari, mkono ukiwa pembeni ya sufuria, umevaa glavu ya jikoni au umeshika kwa koleo. Mvuke huunguza haraka kuliko watu wanavyodhani, na pia huingia kwenye kichwa cha kipimajoto cha kidijitali. Kioo kikianza kupata ukungu kwa ndani, toa, kausha kwa saa kadhaa mahali pa joto, kisha rudia ukiwa na mshazari zaidi. Na usitoe sindano kwenye rojo la barafu ukaitumbukiza moja kwa moja kwenye maji yanayotokota. Iache dakika chache hewani kwanza.

Soma, andika, rudia mara tatu kama ulivyofanya kwenye barafu. Linganisha na 96.2.

Kusoma majibu mawili kwa pamoja

Kosa ni kile kipimajoto kilichosema, ukitoa kile kilichotakiwa kusema. Kikisoma juu, kosa lina alama ya kujumlisha. Kikisoma chini, la kutoa. Kwa jiko, kosa lisilozidi digrii 1 kwenye pointi zote mbili linakubalika na hakuna haja ya kugusa chochote.

Yapo majibu matatu yanayojirudia. La kwanza: makosa ya barafu na ya maji moto yanakaribiana, tuseme 2 juu na 2.2 juu. Kipimajoto kimesogea chote kwa pamoja, na hicho ndicho kinachorekebishika vizuri kuliko vyote. La pili: makosa yanatofautiana wazi. Hicho kimevutika, na marekebisho yoyote ya kukisogeza yatasahihisha upande mmoja na kuharibu wa pili.

La tatu linastahili kuangaliwa kwa makini kwa mtu wa Mwanza. Kwenye barafu kinasoma 3.8 au 4, kwenye maji yanayotokota kinasoma 100 kamili. Kipimajoto hicho hakijachakaa. Kuna mtu alikaa nacho juu ya sufuria akakipandisha mpaka karatasi ya maelekezo iridhike. Kirudishe sifuri kwenye barafu na kitakuwa sahihi kotekote. Ukinunua kipimajoto kilichokwisha kutumika mgahawani, anza na kipimo hiki kabla ya kitu kingine.

Mfano kwa namba

Chukua kipimajoto cha kidijitali cha mgahawa unaopika sangara, kuku na kuchemsha maziwa ya mtindi. Kwenye rojo kinasoma 0.8. Kwenye maji yanayotokota kinasoma 98.4.

Kosa la barafu ni 0.8. Kosa la maji moto ni 98.4 toa 96.2, yaani 2.2. Kwa hiyo kinasoma juu kotekote, na kosa linakua kadiri joto linavyopanda: limeongezeka 1.4 katika safari ya digrii 96.2. Gawanya 1.4 kwa 96.2 upate 0.0146 kwa kila digrii. Sasa unaweza kukadiria kosa mahali popote katikati.

```
kosa = 0.8 + (joto x 0.0146)
kwenye 4:   0.8 + 0.06 = 0.9 (karibu)
kwenye 63:  0.8 + 0.92 = 1.7
kwenye 74:  0.8 + 1.08 = 1.9
```

Hii ina maana gani jikoni? Samaki anayetakiwa kufika 63 katikati ya mnofu, msubiri mpaka kioo kisome 64.7. Kuku anayetakiwa kufika 74, subiri 75.9. Maziwa yanayotunzwa kwenye 63 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu yasimamiwe na 64.7 kwenye kioo, siyo 63. Kwa friji ya samaki, kioo kikisema 4.9 joto halisi ni 4. Namba hizo tatu nne ndizo za kuandika kwenye kipande cha plasta na kubandika mgongoni mwa kipimajoto. Mpishi hatakaa apige hesabu mbele ya kikaango.

Sasa tazama mtu aliyetumia 100. Kwake 98.4 ni chini kwa 1.6, kwa hiyo anaongeza 1.6 kwenye kila kipimo, au anakisogeza kipimajoto juu kwa kiasi hicho. Kwenye 74 chombo kilikuwa tayari kinasoma juu kwa 1.9, sasa kinasoma juu kwa 3.5. Kuku wake anaepuliwa akiwa na 70.5. Maziwa yake ya digrii 63 yanakaa kwenye 59.7 kwa zile dakika 30, na hapo kazi ya kuua vijidudu haijakamilika, ingawa daftari lake limeandikwa vizuri kila siku. Kwa nje hakuna kinachoonekana: maziwa yananukia vilevile, samaki ameshikana vilevile.

Kurekebisha

Kipimajoto cha mshale kwa kawaida kina nati ya pembe sita nyuma ya uso wake, pale sindano inapoungana na kichwa. Kiache ndani ya rojo la barafu muda wote wa kazi. Shika nati kwa spana ndogo, au kwa tundu lililopo kwenye ala ya sindano ikiwa kilikuja nayo, kisha zungusha kichwa polepole mpaka mshale usimame kwenye 0. Subiri nusu dakika, gonga uso wake kwa kidole mara mbili kwa wepesi, utazame tena. Mshale unaoruka baada ya kugongwa una msuguano ndani; ukiruka zaidi ya digrii moja kila mara, tafuta kingine.

Tunashauri barafu iwe ndiyo pointi ya kurekebishia, na maji yanayotokota yabaki ya kuthibitishia. Sababu ni kwamba sifuri haina hesabu ya mwinuko ya kukosea. Baada ya kuweka 0, peleka kwenye sufuria: kikisoma kati ya 95 na 97 hivi, umemaliza. Anayepika vitu vya moto tu na ana kipimajoto kilichovutika anaweza kuamua kukiweka sawa kwenye 96.2 badala ya 0, maana 74 iko karibu zaidi na huko. Lakini basi asikitumie tena kwenye friji.

Vya kidijitali hutofautiana. Vingine vina kitufe kilichoandikwa `CAL`, ambacho hubonyezwa na kushikiliwa sindano ikiwa kwenye rojo mpaka kioo kionyeshe 0. Soma maelekezo ya chombo chako kabla ya kubonyeza, kwa kuwa kitufe hicho hukubali lolote utakalolitumbukizia: rojo baya la digrii 3 litaandikwa kuwa sifuri. Visivyo na kitufe haviwezi kusogezwa, na njia pekee ni ile plasta yenye namba. Kosa likizidi digrii 3, au likibadilika kutoka ukaguzi mmoja hadi mwingine, plasta haitoshi tena.

Lini ukague, na mpaka wa njia hii

Kagua kipimajoto kipya kabla ya kukitumia, kinapoanguka sakafuni, ukibadilisha betri, na kikisahauliwa ndani ya oveni au juu ya kikaango. Kwa jiko la biashara, mara moja kwa wiki kwenye barafu inatosha kwa cha mshale, kwa sababu mitikisiko humsogeza mshale kirahisi. Cha kidijitali kinaweza kwenda mwezi. Andika tarehe, namba ya barafu na namba ya maji moto kwenye daftari moja. Mstari mmoja hauna habari nyingi, lakini kosa la maji moto likionekana 0.5, kisha 1.1, kisha 1.9 katika kaguzi zinazofuatana, unajua chombo kinakufa kabla hakijakudhuru.

Njia hii hukagua ncha mbili na kukisia katikati. Ukitaka kuona katikati penyewe, jaza themosi maji ya digrii 60 hivi, tia vipimajoto viwili vilivyokwisha kukaguliwa, ncha zikiwa karibu, tikisa taratibu na ulinganishe baada ya kusahihisha kila kimoja kwa kosa lake. Vikipishana kwa zaidi ya digrii moja, kimojawapo hakiendi kwa mstari ulionyooka na hesabu ya hapo juu haikifai. Pia haifai kwa mafuta ya kukaangia ya digrii 180, ambayo yako mbali nje ya pointi zote mbili. Kipimajoto cha mafuta kilicho sahihi kwenye 96.2 bado kinaweza kukosea huko.

Na ukaguzi wa jikoni hautoi cheti. Kiwanda cha minofu ya sangara kinachosafirisha nje, au mzalishaji wa maziwa anayekaguliwa rasmi, anahitaji kipimajoto kilicholinganishwa na kifaa cha rejea kwenye maabara ya vipimo, kama ya Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo barafu na sufuria vina kazi hapo pia: cheti kinaeleza hali ya chombo siku kilipopimwa, na rojo la Jumatatu asubuhi ndilo linalokuonyesha kama bado kiko vilevile.